Kata, kada, kanda: mazoezi ya mb na nd kwa Mchina anayejifunza Kiswahili

*Je, wajua? Mwenzangu kazini hapa Dodoma ni Mchina na Kiswahili anakijua vizuri, lakini akisema "shinda" mimi nasikia "shinta", na "mboga" inatoka "muboga". Kwa nini mb na nd zinamsumbua hivyo, na nimpe mazoezi gani?*

Wengi wetu hudhani shida iko kwenye m au n ya mbele. Haiko hapo. Kichina cha Mandarini kimejaa silabi zinazoishia na n au ng, kwa hiyo sauti za puani anazo. Asichokuwa nacho ni b na d zenyewe. Weka vidole kooni useme "baba" taratibu: koo linaanza kutetema midomo ikiwa bado imefumbwa. Mtetemo huo ndio wanaisimu wanauita ughuna, na b au d ya Kimandarini inayoanza silabi yenye mkazo haina. Maandishi yao ya herufi za Kirumi, pinyini, yanaandika b na d, ila ukisikiliza utakuta ni kama p na t zetu, kavu, bila pumzi. Zile wanazoandika p na t ndizo zinazotoka na pumzi nyingi.

Sasa mwombe akutajie jimbo la Shandong. Utasikia kitu karibu na "Shantong". Yeye lakini anaona ametamka n akatamka d, basi nd imekamilika. Ndiyo maana kumwambia "sema nd vizuri" hakumsaidii: atakupa ileile aliyotoka nayo kwao. Isitoshe, yeye anakata neno baada ya n, Shan halafu dong, wakati sisi tunasema shi-nda, n ikiwa imebebwa na d kama sauti moja. Kwa upande wa mb kuna jambo moja zaidi: Kimandarini hakina silabi inayoishia na m, kwa hiyo "shamba" huweza kutoka "shanpa".

Mazoezi ya kawaida hutumia jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: iba na imba, shaba na shamba, kaba na kamba, shida na shinda. Ni jozi nzuri, lakini peke yake zinadanganya. Mwanafunzi anaweza kutofautisha shida na shinda kwa kusikiliza n tu, akapata zote, na bado anasema "shita" na "shinta". Mimi nashauri uongeze neno la tatu. Kwa nd chukua kata, kada, kanda, maneno ambayo mtu wa Dodoma anayasikia kila siku kwenye habari za serikali na chama. Kwa ng chukua pika, piga, pinga. Neno la kwanza halina mtetemo, la pili linao, la tatu linao pamoja na sauti ya puani. Asiyeweza kutenganisha kata na kada hawezi kupata kanda, atapata "kanta".

Anza na masikio. Andika maneno matatu kwenye karatasi, uyaseme kwa kuyachanganya, naye aguse analosikia. Fanya kumi kwa mkupuo. Akifikisha tisa, mwite mtu mwingine aseme, mama, kijana au mzee, kwa sababu mwanafunzi huzoea sauti ya mwalimu mmoja akadhani amesikia herufi. Kisha mgeuzane: yeye achague neno kimoyomoyo, alitamke, na wewe uguse unalosikia. Usimsahihishe wala usimsaidie kwa kukisia anachotaka kusema. Akisema kada ukagusa kata, amejua mwenyewe palipoharibika. Kosa utakaloliona zaidi ni hilo: kanda unaigusa sawasawa kila mara kwa sababu ya n, huku kata na kada zinabaki kitu kimoja. Hapo usiendelee mbele na nd, rudi kwenye ughuna.

Ughuna huo, kwa bahati nzuri, unaweza kuupata ndani ya Kichina chake mwenyewe. Katika silabi dhaifu, zile zisizo na toni yake, yaani kupanda au kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, b na d zao mara nyingi hutetema wakiongea kwa kasi ya kawaida. Baba kwao ni "baba", na b ya pili mara nyingi inakaribia yetu. Kwa nd kuna "women de", maana yake "yetu". Mwombe aiseme ndani ya maongezi, vidole vikiwa kooni, na mtasikia "-nde" isiyokatika mtetemo. Airudie hiyo "nde" mara kadhaa, halafu aiongezee "ge": ndege. Hapa kuna tahadhari kubwa. Usimwambie aseme taratibu. Akivuta neno ili alitamke kwa uangalifu, silabi dhaifu inapata nguvu, mtetemo unakufa, na t inarudi.

Muulize pia nyumbani kwao wanaongea nini. Lugha za kienyeji za Shanghai na Wenzhou zina sauti ghuna, na mtu aliyekua nazo anaweza kuhitaji kukumbushwa tu.

Mb na nd za mwanzo wa neno ni ngumu zaidi, maana kwao hakuna neno linaloanza na konsonanti mbili, ndipo inapochomekwa irabu: "muboga". Dawa yake ni kumpa irabu ya kuegemea, kisha kuiondoa. Mpeleke Soko la Majengo mkanunue "nyanya na mboga". Aseme "na mboga" kwa pumzi moja, namboga, hadi itoke laini. Kisha aseme "na" kwa kunong'ona. Mwishowe aifikirie tu, midomo ikiwa imeshafumbwa, na atoe "mboga". Apige makofi kwa silabi: mawili tu, mbo-ga. Yakiwa matatu, irabu imerudi. Akishaweza, mchanganyie: boga bovu, mboga mbovu. Bili mbili. Doto ana ndoto. Doa si ndoa.

Maneno ya kuahirisha ni mbwa, mbu na nge. Wengi huanza nayo kwa kuwa ni mafupi, kumbe humo m au n inasimama kama silabi kamili, tena yenye mkazo. Na mjini kwetu kuna mtego mwingine, bunge na mbunge. Inaonekana jozi safi kama boga na mboga, lakini m ya mbunge ni ile ya mtu, silabi yake peke yake: m-bu-nge, makofi matatu. Mwanafunzi aliyejifunzia mb kwenye neno hilo ataenda sokoni kuomba "m-boga". Ndivyo ilivyo kwa mbuni: akiwa ndege ni makofi mawili, ukiwa mti wa kahawa ni matatu. Mpe haya baada ya mboga kuzoeleka, na umsomee yote mawili huku akihesabu makofi, kabla hujamwachia ayatamke.