Mtoto amezaliwa mfu: sababu hutafutwaje, na wazazi waambiwe nini

Mtoto wetu alizaliwa mfu mimba ikiwa ya wiki 37. Kwenye faili wameandika "sababu haijulikani". Kweli hakuna namna ya kujua?

Poleni sana. Mara nyingi maneno hayo yana maana kwamba hakuna aliyetafuta. Wakati mwingine ni kweli kabisa: hata hospitali zenye kila kipimo hukosa jibu kwa watoto wengi. Ni haki yenu kuuliza lipi kati ya hayo mawili ndilo lililotokea kwenu.

Ombeni kuonyeshwa mambo matatu kwenye faili. La kwanza ni mapigo ya moyo wa mtoto mama alipopokelewa: yalisikika au hayakusikika, na saa ngapi. La pili ni uzito wa mtoto na hali ya ngozi yake. La tatu ni maelezo ya kondo la nyuma. Yakiwepo yote matatu, daktari anayejua kazi yake anaweza kupunguza orodha ya sababu, hata kama mtoto ameshazikwa.

Mapigo ya mapokezi hubeba uzito mkubwa kuliko yote. Kama yalisikika na baadaye yakapotea, mtoto alifia leba, na maswali yanaelekea kwenye uchungu wenyewe: ulichukua muda gani, mapigo yalisikilizwa kila baada ya muda gani. Uchungu ukishakolea, yanapaswa kusikilizwa kila dakika 15 hadi 30, na mama anaposukuma kila dakika 5. Kama hayakusikika tangu mlangoni, sababu inatafutwa nyuma zaidi, kwa mama, kwa kondo la nyuma au kwa mtoto mwenyewe.

Mkunga alisema ngozi ya mtoto ilikuwa inabambuka. Je, alioza kwa sababu nilichelewa kwenda hospitali?

Hapana, dada, hakuoza. Mtoto akifia tumboni hubaki kwenye maji ya uzazi, na ngozi yake huanza kulegea na kubambuka baada ya saa sita hivi. Ikibambuka usoni na tumboni, kwa kawaida amefariki zaidi ya saa 12 kabla ya kuzaliwa. Kitovu nacho hugeuka rangi ya kahawia. Ni dalili ya muda uliopita tu, haionyeshi kilichomuua.

Kwa wahudumu wenzetu: ngozi nzima peke yake haithibitishi kwamba mtoto alifia leba. Kondo la nyuma likibanduka ghafla nyumbani, mtoto anaweza kufariki saa mbili tu kabla mama hajafika, na akazaliwa na ngozi safi kabisa. Ndiyo maana tunasisitiza mapigo ya mapokezi. Yasipoandikwa, mnabaki kubahatisha.

Jambo jingine linaloandikwa ovyo ni kitovu kuzunguka shingoni. Karibu robo ya watoto wanaozaliwa hai na wazima huwa nacho shingoni. Kukiona tu hakutoshi kuwaambia wazazi "kilimnyonga". Itafutwe dalili kwamba damu ilizuiliwa kweli, kama fundo lililokaza huku upande mmoja wa kitovu umevimba na mwingine umenywea.

Kwa nini hospitali inataka kubaki na kondo la nyuma? Kwetu lazima lizikwe.

Kwa sababu ndilo linaloeleza mengi kuliko kitu kingine chochote, nalo ndilo hutupwa kwanza. Likishaingia shimoni, ushahidi umekwenda.

Kulikagua kwa macho huchukua dakika chache tu, na familia inaweza kukabidhiwa siku hiyo hiyo. Mkunga hulipima uzito, halafu hukagua upande ulioshikamana na mji wa mimba. Donge la damu nyeusi lililogandamana hapo na kuacha bonde huonyesha kwamba kondo lilibanduka mapema. Mabaka magumu yaliyopauka ni sehemu zilizokosa damu, na huonekana sana mama akiwa na presha ya mimba. Utando ukiwa na harufu mbaya na umepoteza ung'avu, anafikiria maambukizi. Mwisho hukata kitovu na kuhesabu mishipa: miwili midogo na mmoja mkubwa.

Kukiwa na maabara ya patholojia, kipande hukatwa na kuwekwa kwenye dawa ya kuhifadhi iitwayo formalini, iliyo nyingi mara kumi kuliko kipande chenyewe. Ikiwa kidogo, katikati ya kipande huharibika na majibu hurudi bila maana. Kinachobaki mnaenda kukizika.

Niliambiwa nina kaswende baada ya mtoto kufariki. Nilihudhuria kliniki yangu vizuri. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na tungependa kila mama na kila mkunga aielewe njia hii, kwa sababu ni miongoni mwa sababu chache ambazo dawa yake inajulikana na ni ya bei nafuu.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 24, mimba ya pili, anafika wiki ya 34 akisema mtoto hajacheza kwa siku mbili. Ultrasaundi inaonyesha moyo haupigi. Presha ni ya kawaida, mkojo hauna protini, malaria hakuna, sukari iko sawa. Mtoto anazaliwa na gramu 1,800, ngozi imebambuka, tumbo limevimba. Kondo la nyuma lina gramu 720. Kwa kawaida lingekuwa karibu moja ya sita ya uzito wa mtoto, yaani gramu 300 au zaidi kidogo. Hili ni nene, limepauka, na ni zito zaidi ya mara mbili. Hapo mkunga anafungua kadi ya kliniki: kisanduku cha kaswende ni kitupu, kwani siku ya hudhurio la kwanza vipimo vilikuwa vimeisha na hakuna aliyekumbuka kumpima baadaye. Kipimo cha haraka kinasoma chanya, na cha RPR kinasoma 1:32.

Kwa nini viwili? Cha haraka hubaki chanya maisha yote hata kwa aliyetibiwa zamani, kwa hiyo peke yake hakisemi kama ugonjwa upo sasa. RPR hupanda na kushuka na ugonjwa: namba ya pili ikiwa kubwa, ugonjwa una nguvu zaidi. Katika mfano huu picha nzima inakubaliana: kondo, mtoto, damu ya mama.

Mama anachomwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, na kwa kuwa haijulikani ameugua muda gani, anarudia kila wiki hadi zitimie tatu. Mume naye hupimwa na kutibiwa, la sivyo maambukizi yatarudi. RPR inatarajiwa kushuka angalau hadi 1:8 ndani ya mwaka.

Kuna pia wanaopimwa mapema, wakaonekana hawana, kisha wakaambukizwa mimba ikiwa kubwa. Kadi yao ni safi. Kwa hiyo mtoto akizaliwa mfu, mama apimwe upya, usitegemewe mstari wa miezi mitano iliyopita.

Jibu hili apewe mama peke yake kwanza. Likitamkwa mbele ya mama mkwe, kesho yake inakuwa kesi ya nani alitoka nje ya ndoa, na mume hatarudi kuchomwa sindano. Kipimo hakionyeshi nani alimwambukiza nani, wala lini. Mwambie hivyo wazi, kisha mpangane pamoja namna ya kumshirikisha mumewe.

Familia imekataa mtoto apasuliwe. Tumekosa jibu moja kwa moja?

Hapana. Ukaguzi wa nje, uzito, picha, kondo la nyuma na damu ya mama vinaweza kutoa jibu bila kisu. Ipo pia njia ya kuchukua chembe kwa sindano, ambayo imetumika Kenya, Kisumu na Siaya, katika utafiti wa vifo vya watoto. Mwili hubaki mzima, na mazishi hayacheleweshwi sana.

Anayeomba ruhusa aeleze kitakachofanyika, kitachukua muda gani, na kwamba huenda jibu lisipatikane. Familia ya Kiislamu inayotaka kuzika kabla ya magharibi inahitaji kujua saa, si sifa za utafiti. Wakikataa, wasiulizwe tena na mtu mwingine zamu ikibadilika, iandikwe.

Mimi ni mkunga mpya. Nikikosa mapigo, namwambia mama vipi?

Thibitisha kwanza kwa ultrasaundi. Usipitishe wahudumu wanne, kila mmoja akisikiliza kimya na kuondoka. Mama anasoma nyuso zenu. Mwambie mapema, "Sisikii mapigo, naita daktari aangalie kwa ultrasaundi." Muulize anataka nani awe naye.

Ikithibitika, keti. Sema, "Mama, nina habari nzito. Moyo wa mtoto umesimama. Mtoto amefariki. Pole sana." Neno "amefariki" lisikike. Ukisema "mapigo hayako vizuri" ataomba oksijeni au upasuaji wa haraka, na itabidi umwambie mara ya pili. Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika mbili utakuumiza wewe kuliko yeye.

Usiseme "Mungu amempenda zaidi" wala "utapata mwingine". Akisema mwenyewe kwamba ni mapenzi ya Mungu, mpokee.

Akitulia atauliza kwa nini asipasuliwe mtoto atoke. Mweleze kwamba kuzaa kwa njia ya kawaida ni salama zaidi kwake na kwa mimba zijazo, na kwamba atapewa dawa za maumivu kama mzazi mwingine yeyote. Kama hana presha wala homa, hatoki damu na chupa haijapasuka, anaweza kwenda nyumbani kwanza akarudi kesho. Asikae wiki nyingi, maana damu inaweza kupoteza uwezo wa kuganda.

Tulimzika haraka ili mama yake asimwone, tukidhani tunamkinga. Sasa ananilaumu mimi shangazi yake. Tulikosea?

Mlifanya kwa huruma, shangazi. Lakini uamuzi ulikuwa wake. Wapo mama wanaotaka kumwona na wapo wasiotaka, na wengine hukataa asubuhi wakakubali jioni. Ndiyo maana aulizwe mara ya pili.

Anayetaka aambiwe kwanza atakachokiona: ngozi iliyobambuka, midomo iliyokoza rangi, kichwa laini. Mtoto huoshwa bila kusuguliwa, akafungwa kwenye khanga, na mama anaweza kuanza na mguu au mkono tu. Kwa sasa, mweleze alivyokuwa: nywele, vidole, alifanana na nani. Mpeleke kaburini akitaka. Kama wazazi walimpa jina, litumieni.

Maziwa yanatoka na hayana wa kuyanyonya. Nifanye nini?

Huanza siku ya pili hadi ya tano, na wengi hawajaonywa. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha baridi, meza parasetamo. Ukizidiwa, kamua kidogo tu hadi maumivu yapungue. Ukikamua yote, yatatengenezwa mengine. Usijifunge kitambaa kwa nguvu, kwani mirija huziba na titi huweza kupata usaha. Ipo dawa ya kukausha maziwa iitwayo kabagolini, miligramu 1 mara moja baada ya kujifungua, lakini haifai kwa aliyekuwa na presha ya mimba.

Kabla ya kuruhusiwa, omba tarehe ya kurudi baada ya wiki sita hadi nane, uje na mumeo kuchukua majibu, na isiwe siku ya kliniki ya watoto. Uondoke na karatasi iliyoandikwa vipimo vilivyofanyika na vilivyobaki. Mimba ijayo, mkunga wa kwanza utakayekutana naye ataihitaji.