Rejeksi haikwami kwa sababu ya urefu wa mstari pekee

Seva ikiganda ikikagua maandishi kwa rejeksi, utasikia "mstari ulikuwa mrefu mno", kisha mtu anaweka kikomo cha herufi 1,000 na kufunga tiketi. Kikomo hicho hakizuii kitu, maana herufi 31 zinatosha kuigandisha.

Injini ya rejeksi ya Python au JavaScript hujaribu njia moja. Ikigonga mwamba hurudi nyuma na kujaribu nyingine. Kurudi huko ni kazi yake ya kawaida. Balaa huja pale ruwaza inapoweza kuyagawa maandishi yaleyale kwa njia nyingi, halafu mwisho wa mstari ukagoma kulingana. Hii inakusudiwa kukubali maneno yenye nafasi mojamoja katikati:

```
^(\w+\s?)+$
```

Kwa kuwa `\s?` inaruhusu nafasi isiwepo, "baba" husomeka kama neno zima, au bab na a, au ba na ba, na kadhalika: njia 8. Kila herufi inayoongezeka huzidisha njia mara mbili, hivyo neno la herufi 30 lina njia 536,870,912. Mstari ukilingana, njia ya kwanza inatosha na huoni tatizo lolote. Ndiyo maana majaribio ya data safi hupita yote. Ongeza "!" mwishoni, na injini italazimika kuzimaliza zote kabla ya kukiri imeshindwa.

Dawa ni kuifanya nafasi iwe ya lazima kati ya maneno, ili pabaki namna moja tu ya kugawa:

```
^\w+(?:\s\w+)*\s?$
```

Inakubali mistari ileile kabisa.

Sasa, wanaolaumu urefu hawajakosea kila mara. Tarehe 20 Julai 2016 Stack Overflow ilizimika kwa dakika 34. Ruwaza yao ya kukata nafasi za mwishoni, kwa kiini chake `\s+$`, ilikutana na nafasi kama 20,000 mfululizo ambazo hazikuwa mwishoni mwa mstari. Hapo hakuna mgawanyo wa kutatanisha. Injini ilianza kwenye nafasi ya kwanza, ikashindwa, ikaanza upya kwenye ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho: hatua takriban milioni 200. Kuzuia kurudi nyuma kwa `\s++$` hakuokoi, kwa sababu kinachojirudia ni mwanzo. Zuia mwanzo wa katikati kwa `(?<!\s)\s+$`, au kwenye Python tumia tu `rstrip()`.

Kwa hiyo kabla ya kuulaumu mstari, pima. Muda ukiwa mara mbili kwa herufi moja tu ya ziada, tatizo ni mgawanyo. Ukiwa mara nne pale urefu unapozidishwa mara mbili, tatizo ni mianzo, na hapo kikomo cha herufi kitakusaidia kweli.