"Mlaze mapema tu" haisaidii, wazazi

Wiki hii wazazi watatu wameniambia kitu kile kile, ati kijana anasinzia darasani kwa vile hataki kulala mapema. Hii ndo dhana inanichosha kuliko zote, hebu niwaeleze.

Mwezi wa tatu mama mmoja aliniletea kijana wake wa miaka 16, Fomu Tatu. Basi la shule linampitia saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, yaani giza totoro, kwa hivyo anaamshwa saa kumi na robo. Mama akaanza kumzimia taa saa mbili na nusu usiku na simu akaichukua, lakini kijana anagaagaa kitandani mpaka saa tano, kila siku ni ugomvi.

Sasa huo si ukaidi jamani. Mtoto akibalehe saa ya mwili inasogea, melatonini, ile homoni inayoambia mwili usiku umeingia, inachelewa kutoka, alafu yale masaa mawili matatu kabla ya usingizi wake kufika ndo ubongo unakuwa macho kabisa, kwa hivyo ukimlaza saa mbili na nusu umemlaza pale pale usingizi haukubali.

Nikampa daftari aandike analala saa ngapi na anaamka saa ngapi, mpaka likizo ya mwezi wa nne. Wiki ya kwanza ya likizo sikuihesabu, alikuwa analipa deni la usingizi. Wiki ya pili analala saa tano na kuamka mwenyewe saa moja na nusu, masaa nane na nusu. Siku za shule anapata matano na robo! Na anachokatwa ni usingizi wa alfajiri, ule wenye ndoto nyingi. Mwenyewe aliniambia kwa hesabu ya asubuhi anasoma swali moja mara tatu na haliingii.

Kinachosaidia ni shule kuanza baadaye asubuhi, ila wazazi hunipinga: "Shule ikichelewa kuanza nao watachelewa kulala." Jiji la Seattle, Marekani, walijaribu 2016, sekondari zikatoka saa mbili kasoro kumi hadi saa tatu kasoro robo. Watafiti wakawavalisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi: muda wa kulala haukubadilika sana, usingizi ukaongezeka dakika 34 hivi.

"Atafidia wikendi." Kidogo tu, na akilala Jumapili mpaka saa sita mchana usiku wake ndo hatalala kabisa. Mwacheni azidishe saa moja, moja na nusu, alafu atoke nje kwa jua.

Simu kweli inachelewesha usingizi, lakini mmeona hapo juu ilichukuliwa na bado ikawa saa tano.

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 hapa Kenya zinaweka masomo ya shule ya kutwa kuanza saa mbili asubuhi. Yule mama alienda na daftari kwa mwalimu mkuu, wakageuza njia ya basi, kijana anachukuliwa wa mwisho, saa kumi na mbili kasoro robo. Amepata saa nzima. Bado haijatosha, ila mwalimu wa hesabu anasema siku hizi hasinzii.