Jina la Kirusi au Kiarabu kwenye fomu: nakili, usilitunge upya

Mimi kazi yangu ni kuhamisha majina kutoka kwenye picha za pasipoti kwenda kwenye fomu, na ugomvi mwingi unaanzia kwa mtu anayejua kusoma Kirusi au Kiarabu kidogo, akiona jina analiandika kwa kilatini anavyolisikia. Usifanye hivyo. Nchi iliyotoa pasipoti imeshachagua spelingi, wewe unanakili tu.

Chukua jina la kubuni, Юлия Щукина. Ukiliandika kwa masikio utapata Yulia, mwingine Julia, mwingine Yuliya, wote wanasomeka vizuri tu. Lakini pasipoti mpya za Urusi zinafuata jedwali la ICAO, shirika la usafiri wa anga, ambamo Ю ni IU, Я ni IA na Щ ni SHCH, kwa hiyo chini ya picha utakuta mistari miwili ya kusomwa na mashine, wa kwanza hivi:

```
P<RUSSHCHUKINA<<IULIIA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Herufi tatu baada ya P< ni nchi, RUS, halafu jina la ukoo, alama mbili za <<, ndo jina lenyewe. Fomu inataka IULIIA hata kama mwenyewe anajiita Yulia, na hata kama pasipoti yake ya zamani ilisema Yuliya. Hiyo ya zamani kama fomu ina sehemu ya majina mengine iweke huko.

Sasa picha ikiwa na ukungu, skana inasoma LULIIA au 1ULIIA na hakuna kinacholalamika! Namba za uhakiki, zile mashine inazotumia kugundua kosa la kusoma, ziko mstari wa pili, zinalinda namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na ya kuisha muda, jina halimo kabisa. Mfumo ukisema pasipoti iko sawa haimaanishi jina limesomwa sawa, kwa hiyo kuza picha, linganisha na jina lililochapishwa juu, na ukijua Ю ni IU unashtuka mapema ukiona L.

Kiarabu kina shida yake, maana محمد ni herufi nne, m-h-m-d, irabu fupi haziandikwi, kwa hiyo Mohamed, Muhammad na Mohammed zote zinatoka humo humo. Mazoea ya nchi nayo yanaingia, Moroko wanaandika Rachid kwa Kifaransa pale wengine wanapoandika Rashid, na Misri Jamal anakuwa Gamal. Hakuna aliyekosea hapo.

Inayonisumbua zaidi ni AL-. Juu unaona AL-HASSAN, chini kistari kimegeuka < yaani AL<HASSAN, mtu anadhani AL ni jina la kwanza anaihamishia huko. Angalia << iko wapi, kila kilicho kabla yake ni ukoo. Fomu ikikataa kistari weka nafasi, AL HASSAN, usiidondoshe AL.