Simu ya Mama ilikuwa inapiga Urusi

Mama alinipigia kwa simu ya jirani. "Mwanangu, hii simu uliyoniletea mbovu. Kila nikikupigia, yule dada ananiambia namba si sahihi."

Mimi ni fundi simu Tanga mjini, na malalamiko ya namna hiyo nayasikia kaunta kila wiki. Mara nyingi mtoto ndiye analeta simu, mzazi amebaki nyumbani. Mtoto anaomba maandishi yakuzwe, nayakuza, anaondoka. Baada ya siku kumi anarudi: "Mzee anasema simu bado inajifanyia mambo yake." Safari hii mtoto nilikuwa mimi, na simu ni Samsung Galaxy A14 niliyomnunulia mwenyewe. Nikapanda basi hadi Muheza.

Baada ya shikamoo na chai nikamwomba anipigie pale pale mbele yangu, bila kumwelekeza. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye 0. Hakukitoa. Alikiacha pale, akakikodolea macho kuhakikisha simu imesikia, ndipo akakiinua taratibu. Kwenye kioo hapakuwa na 0. Palikuwa na alama ya kujumlisha. Akaendelea na 7, na 5, na tarakimu nyingine zote bila kosa hata moja. Namba yangu ikawa inaanza na +7, ambayo ni namba ya kupigia Urusi, tena imepungua tarakimu. Yule dada wa mtandao alikuwa anasema kweli.

Simu ya kioo haina kitufe kinachozama. Ili ijue kama umegusa tu au umeshikilia, inahesabu muda. Kidole kikiondoka upesi, umegusa. Kikikaa zaidi ya karibu nusu sekunde, umeshikilia, na kushikilia kuna kazi yake nyingine kabisa. Ukishikilia 0 kwenye kipigia namba inatoka +. Ukishikilia 1 simu inataka kupiga kisanduku cha ujumbe wa sauti. Ukishikilia ikoni ya WhatsApp, inafunguka menyu ndogo yenye neno la kuiondoa, na kidole kikiteleza kidogo ikoni inahama. Mama amezoea simu ya vitufe miaka mingi. Kwake kubonyeza maana yake ni kubonyeza ukasikia. Nusu sekunde haimtoshi.

Kwa hiyo nilianza na muda wa mguso, maandishi yakasubiri. Kwenye Samsung unaingia `Settings`, kisha `Accessibility`, kisha `Interaction and dexterity`, halafu `Touch and hold delay`. Kwenye simu nyingi nyingine za Android mpangilio huo huo uko ndani ya `Accessibility`, chini ya `Timing controls`. Kama simu imewekwa kwa Kiswahili, tafuta neno "ufikivu". Utakuta `Short`, `Medium` na `Long`. Kwenye Samsung ya Mama hizo ni nusu sekunde, sekunde moja, na sekunde moja na nusu.

Usikimbilie `Long`. Mpe mzazi namba ya kupiga, uhesabu kimoyomoyo kidole kinakaa muda gani. Cha Mama kilikuwa kinakaa kama robo tatu ya sekunde, basi `Medium` ilimtosha. Nikamwambia apige tena, 0 ikatoka 0, simu yangu ikalia mfukoni. Sababu ya kutozidisha ni kwamba kushikilia kwenyewe bado kunahitajika. Akitaka kufuta au kumtumia mwenzake ujumbe wa WhatsApp, lazima aushikilie kwanza. Muda ukiwa mrefu mno atakata tamaa kabla menyu haijatokea, atakuambia simu imeganda.

Hapa nieleze kosa ambalo hata mafundi tunalifanya. Si kila mzee ana tatizo la kidole kinachokaa. Kipigia namba kinakupa jibu bure: mpe namba aandike, wewe tazama kinachotoka. Ikitoka +, ni muda wa kushikilia. Zikitoka tarakimu mbili mbili, yaani 5 imekuwa 55, basi mkono unatetemeka na kidole kinagusa mara mbili bila yeye kujua. Dawa yake ni `Ignore repeated touches`, iko ukurasa ule ule, na inaiambia simu isihesabu mguso wa pili unaofuata haraka mno. Ukimwekea mzee huyu `Touch and hold delay` hutakuwa umemsaidia kitu, na ataendelea kukosea namba ya siri mpaka afungiwe.

Isipotoka tarakimu yoyote, usitafute kwenye ufikivu. Kioo cha simu kinahisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi ya mzee huwa kavu. Ukiongeza na protekta nene ya elfu tatu, mguso haufiki. Kwenye Samsung nyingi kuna `Touch sensitivity` ndani ya `Display`, iwashe. Ikishindikana bandua protekta. Nimewahi kumaliza "ubovu wa kioo" kwa kumwambia mzee mmoja ajipake mafuta mkononi, halafu ajifute.

Sasa maandishi. Kuna mipangilio miwili ambayo watu wanaichanganya. `Font size` inakuza herufi tu. `Screen zoom`, ambayo kwenye simu nyingine inaitwa `Display size`, inakuza kila kitu: vitufe, ikoni, nafasi kati yao. Mtu wa kidole kizito anahitaji zaidi hiyo ya pili, maana shida yake si kusoma peke yake, ni kulenga. Wengi wanavuta zote mbili mpaka mwisho, na hapo ndipo inaanza shida nyingine.

Jaribu uone. Weka zote mwisho, kisha piga `*150*00#` ya M-Pesa. Menyu inakuwa ndefu kuliko kioo, kibao cha herufi kinafunika nusu, na machaguo ya chini hayaonekani mpaka uviringishe. Wakati mzazi anatafuta, mtandao unahesabu muda wake, na ukiisha menyu inajifunga. Kuna mpangilio unaitwa `Time to take action` unaofanya baadhi ya ujumbe wa simu ukae kwenye kioo hadi dakika 2, lakini haugusi menyu hizi, kwa sababu muda wake unahesabiwa kwenye mtandao, si ndani ya simu. Kwa Mama nilifanya hivi: `Screen zoom` nikaipandisha hadi mwisho, `Font size` nikaipandisha ngazi moja moja, kila ngazi nikiifungua menyu ya pesa, mpaka nikafika ngazi ambayo chaguo la mwisho halikuonekana tena. Nikarudi nyuma ngazi moja. Halafu nikawasha `Bold font`, ambayo inanenepesha herufi bila kula nafasi kubwa. Alisoma bila kuisogeza simu mbali na uso.

Kioo cha kwanza kilikuwa rahisi. Samsung ina `Easy mode` ndani ya `Settings`, `Display`, inakuza ikoni, inapanga kurasa chache, na inarefusha muda wa kushikilia. Kwa hiyo ukiiwasha, rudi ukaangalie muda ule uliouchagua kama haujabadilishwa. Nilibakiza vitu vinne: kupiga simu, WhatsApp, kamera na tochi. Tochi aliidai mwenyewe kwa sababu ya umeme. Chini yake nikaweka vitufe vya kupiga moja kwa moja kwa mimi, dada yangu na jirani. Vinapatikana ukishikilia sehemu tupu ya kioo, ukachagua `Widgets`, kisha `Contacts`. Ukiweka picha ya mtu kwenye jina lake, picha inatokea pale, na Mama hahitaji tena kuandika namba zetu.

Ukimaliza kupanga, ingia `Settings`, `Home screen`, uwashe `Lock Home screen layout`. Hii ndiyo inayozuia ikoni kuhama au kutoweka kioo cha kwanza hata kidole kikishikilia. Iwashe mwisho kabisa, maana baada ya hapo hata wewe huwezi kusogeza kitu mpaka uizime. Na ukishapanga, acha. Kijana anayekuja likizo na kupanga upya kioo cha bibi kwa sababu "hakivutii" anamfuta bibi ramani aliyoikariri.

Mlio ulinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Sauti ilikuwa tayari juu kabisa, na bado Mama hakuisikia akiwa uani. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za juu, na mlio niliomwekea ulikuwa wa kengele ndogo zinazolia kama glasi. Mimi niliusikia kutoka barabarani. Yeye, mlangoni, hakuusikia. Nikamchagulia mlio wa ala nzito zaidi, wenye mdundo unaoanza papo hapo badala ya kupanda polepole. Usichague mzito kupita kiasi, kwa sababu spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi. Unataka ule wa katikati, kama sauti ya mwanaume anayeita. Usiuchague wewe kwa masikio yako. Icheze mitano, mzazi akiwa chumba cha pili, aseme upi ameusikia.

Pamoja na mlio nikawasha mtetemo wakati wa kuita, na `Flash notification` ndani ya `Accessibility`, `Advanced settings`, ili taa ya kamera imulike simu inapoita. Nikawasha pia `Use Volume keys for media` kwenye ukurasa wa sauti. Bila hiyo, kwenye simu nyingine vitufe vya pembeni vinaweza kushusha mlio wenyewe, na simu ya mzee hubanwa sana pembeni anapoiokota. Mwisho, kwa sababu kutelezesha kidole ili kupokea kulikuwa kunamshinda, niliingia `Answering and ending calls` nikaweka kitufe cha kuongeza sauti kiwe cha kupokea.

Kabla sijaondoka niliuliza simu inakaa wapi mchana. Akaichukua mezani, akaifunga kwenye pindo la khanga, akalikaza kiunoni. Spika iko ukingo wa chini, na ukingo huo ulikuwa umetumbukia ndani kabisa ya fundo. Nikatoka hadi kwenye mwembe, nikapiga. Kimya. Nikarudi, nikaigeuza simu kichwa chini ili spika itazame juu, nikaenda tena mwembeni.

"Haloo," akasema Mama, kwa sauti kubwa kiasi kwamba simu haikuwa na kazi. "Nani mwenzangu?"