Wastani wa miezi mitatu haujui kama mzigo uliisha

Wauzaji wengi wa mtandaoni hufika mahali ambapo kukisia kwa macho hakutoshi tena, ndipo wanapoanza kutumia wastani unaosogea. Unachukua mauzo ya miezi mitatu iliyopita, unayajumlisha, unagawa kwa tatu, na jibu linakuwa kadirio la mwezi ujao. Mwezi huo ukiisha, unauingiza kwenye hesabu na kuutoa ule wa zamani zaidi. Kwenye Excel ni mstari mmoja tu:

```
=AVERAGE(B5:B7)
```

Hesabu hii naipenda, na kwa duka dogo sioni haja ya kitu kizito zaidi. Tatizo ni mambo tunayoamini inayafanya, kumbe haiyafanyi.

Tuchukue duka la mfano linalouza madera kupitia WhatsApp na Instagram kutoka Dar es Salaam. Namba nimezipanga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Mwaka 2025 liliuza hivi: Mei 62, Juni 58, Julai 66, Agosti 38, Septemba 64, Oktoba 70. Tunataka kukadiria Novemba.

Dhana potofu: mauzo ya mwezi ndiyo mahitaji ya mwezi

Miezi mitatu ya mwisho ni 38, 64 na 70. Jumla 172, ukigawa kwa tatu unapata 57. Mwenye duka akiishia hapo, ataagiza madera 57.

Lakini turudi Agosti. Kwa nini 38, wakati Julai ilikuwa 66? Ukifungua daftari la mzigo unakuta madera yaliisha tarehe 18. Siku 13 zilizobaki duka halikuwa na cha kuuza. Wateja waliandika "bado zipo?", wakajibiwa "zimeisha, subiri mzigo mpya", na wengi wakanunua kwingine. Kwa hiyo 38 inakuambia mzigo ulikuwa mdogo kiasi gani. Watu walitaka madera mangapi, hiyo ni habari nyingine, na kadirio linahitaji hiyo ya pili.

Marekebisho yake ni mepesi. Madera 38 yaliuzwa kwa siku 18 ambazo mzigo ulikuwepo, yaani 2.1 hivi kwa siku. Zidisha kwa siku 31 za Agosti, unapata karibu 65. Weka 65 mahali pa 38: 65, 64 na 70 ni 199, na wastani wake ni 66. Kadirio limepanda kutoka 57 hadi 66, na tofauti hiyo ya madera tisa ni wateja ambao duka lingewakosa tena Novemba.

Usipolirekebisha, kosa hili halibaki kwenye mwezi mmoja. Tuseme mahitaji halisi ni 68 kila mwezi, na mwenye duka ananunua sawasawa na wastani wake. Novemba ananunua 57, yote yanaisha, anaandika 57. Desemba wastani unampa 64, nayo yanaisha. Januari 64. Februari 62. Mahitaji yamekaa palepale kwenye 68, lakini daftari linamwonyesha biashara iliyodumaa. Haliwezi kuonyesha vingine, kwa sababu huwezi kuuza zaidi ya ulichonacho, na ulichonacho kila mwezi kimetokana na mauzo ya nyuma yaliyobanwa. Nimeona watu wakilaumu soko kwa jambo hili, wakati sababu iko kwenye kuagiza kwao wenyewe. Dalili yake ni moja: mzigo unaisha kabla ya mwezi kwisha, mwezi baada ya mwezi, na makadirio yanaonekana "sahihi" sana. Kadirio linalotimia kila mara kwa sababu rafu ni tupu halijathibitisha kitu.

Hata hilo 65 lisichukuliwe kama neno la mwisho. Siku 13 zilizopotea ni za mwisho wa mwezi, pale mishahara inapoingia, kwa hiyo huenda mahitaji yalizidi 65. Kwa upande mwingine, baadhi ya waliokosa Agosti walisubiri wakanunua Septemba, na hao ukiwahesabu Agosti pia umewahesabu mara mbili. Angalia pia saizi: mara nyingi siku chache kabla mzigo haujaisha kabisa, kinachobaki ni saizi na rangi zisizotakiwa. Siku hizo usizihesabu kama siku ambazo duka lilikuwa na mzigo. Na kama mzigo ulikaa siku nne au tano tu, usirekebishe kwa njia hii. Siku tano ni chache mno kukuambia habari za mwezi mzima, na bora uuache mwezi huo nje ya wastani.

Hapo kuna mtego mdogo wa Excel. `AVERAGE` inaruka kisanduku kilicho wazi, lakini sifuri inaihesabu. Mwezi ambao hukuwa na mzigo kabisa ukiandika 0, wastani unashuka kana kwamba hakuna aliyetaka kununua. Ukiacha wazi, hesabu inatumia miezi miwili iliyobaki. Acha wazi, kisha andika pembeni kwa nini.

Upande wa pili wa jambo hilihili ni oda za lipa ukipokea. Bodaboda anapeleka, mteja hapokei simu, dera linarudi. Kama ulishaliandika kama mauzo tangu oda ilipoingia, mahitaji yako yamevimba. Andika oda kwa tarehe ambayo mteja aliagiza, lakini zile zilizorudi ziondoe.

Dhana potofu: kadiri miezi inavyokuwa mingi, ndivyo kadirio linavyokuwa bora

Hii ni kweli pale tu mauzo yanapozunguka kiwango kilekile. Hapo miezi mingi inafuta kelele za mwezi mmojammoja, na wastani wa miezi sita hutulia kuliko wa mitatu.

Lakini duka likiwa linakua, miezi mingi inakurudisha nyuma. Chukua duka jingine ambalo mauzo yake yanaongezeka kwa vipande vinne kila mwezi: 40, 44, 48, 52, 56, 60. Mwezi ujao utakuwa 64. Wastani wa miezi mitatu unatoa 56, umepungukiwa na vinane. Wastani wa miezi sita unatoa 50, umepungukiwa na 14. Wastani wowote uko katikati ya namba zilizoutengeneza, hauwezi kufika mahali ambapo mauzo hayajawahi kufika. Mauzo yakishuka, ni hivyohivyo kinyume chake: wastani unabaki juu nawe unajaza chumba mzigo.

Utajuaje uko upande upi? Rudi nyuma ujipime. Jifanye hujui Agosti, ikadirie kwa Mei, Juni na Julai, kisha linganisha na kilichotokea. Kwa duka letu la madera, tukitumia Agosti iliyorekebishwa, Agosti ilikadiriwa 62 ikawa 65. Septemba ilikadiriwa 63 ikawa 64. Oktoba ilikadiriwa 65 ikawa 70. Makosa ni 3, 1 na 5, na kwa wastani 3. Si mabaya.

Tazama lakini kwamba yote matatu yako upande mmoja, kadirio liko chini kila mara. Makosa ya bahati tu hurukaruka, leo juu, kesho chini. Yakiendelea kukaa upande mmoja kwa miezi minne, mitano, duka linakua na wastani unakokotwa nyuma. Miezi mitatu bado ni michache kutoa hukumu, ila ningekuwa mimi mwenye duka, hilo 66 la Novemba ningelisoma kama namba ya chini na ningeongeza matatu, lile kosa la wastani. Kipimo hikihiki ndicho kinachochagua kati ya miezi mitatu na sita: fanya kwa zote mbili, kwa miezi ileile, uone ipi imekosea kidogo.

Dhana potofu: ukiwa na mauzo ya mwaka mzima, wastani utaiona Ramadhani

Hauioni. Wastani unaipa kila namba uzito sawa, na hauna habari kwamba Machi 2025 watu walikuwa wanatafuta nguo za Idi. Tuseme duka letu liliuza 60 Februari, 150 Machi na 45 Aprili, maana baada ya Idi mifuko huwa imetulia. Kadirio la Machi halikukaribia hata kidogo 150. Kisha, Idi ikishapita, ile 150 inabaki ndani ya wastani na kuuvimbisha: kadirio la Mei linakuwa 85, wakati Mei iliuza 62. Madera 23 yamekaa, na pesa yake imekaa nayo.

Kunakili namba ya Machi ya mwaka jana nako hakutoshi, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Hapa Tanzania Idi el-Fitri ya 2024 ilikuwa 10 Aprili, ya 2025 ilikuwa 31 Machi, na ya 2026 iliangukia karibu na 20 Machi. Mauzo yanafuata Idi, hayafuati jina la mwezi. Mwaka 2025 pilika zote ziliingia ndani ya Machi. Mwaka 2026 sehemu yake ilihamia Februari, na siku kumi za mwisho za Machi zikawa tayari ni za baada ya sikukuu.

Kinachofanya kazi ni kutenganisha vitu viwili. Kwenye wastani, toa mwezi wa Ramadhani na uweke kiwango cha kawaida, tuseme 60. Kadirio la Mei linakuwa 55, karibu zaidi na 62 kuliko 85 ilivyokuwa. Ramadhani yenyewe iandikie karatasi yake, kwa wiki: wiki nne kabla ya Idi, tatu, mbili, moja. Mwaka unaofuata linganisha wiki na wiki kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka Idi. Kama Machi 2025 iliuza mara mbili na nusu ya mwezi wa kawaida, na sasa mwezi wako wa kawaida umefika 66, unazungumzia karibu 165 kwa kipindi kizima. Umeiona Ramadhani moja tu, kwa hiyo nunua kwa awamu mbili kama anayekuuzia anakubali.

Dhana potofu: namba ya wastani ndiyo namba ya kuagiza

Kadirio linasema watu watataka mangapi. Oda inategemea pia ulichonacho. Kwa Novemba: kadirio 66, ongeza akiba ya 5, kwa kuwa ndilo kosa kubwa tuliloliona tulipojipima. Hiyo 5 inatosha pia kubeba yale matatu ya ukuaji. Jumla 71. Chumbani yamebaki madera 18, na hakuna mzigo ulio njiani. Oda ni 53.

Na kama mzigo huchukua siku kumi kufika, hayo 18 ndiyo yatakayouza siku hizo kumi. Kwa mwendo wa 66 kwa mwezi, ni 2.2 kwa siku, yaani 22. Yamepungua manne. Oda hiyo ilitakiwa iondoke siku mbili kabla Novemba haijaanza.