Idadi ya chini: kwa nini basi la matembezi linasubiri watu 16

Tangazo la matembezi ya Jumapili kutoka Lubumbashi hadi Likasi, kilomita kama 120, linaweza kusema: "idadi ya chini, watu 16". Hapo watu huuliza kama basi lina viti 16. Hapana. Maana yake ni kwamba wakilipa 16, gari limelipiwa lote. Wakipungua, kuna mtu lazima azibe pengo.

Namba yenyewe inatoka wapi? Tuseme basi la viti 25 limekodiwa kwa dola 240, dereva, mafuta na peaje zikiwemo. Bei hiyo ni ileile, wapande kumi wapande ishirini. Kila msafiri analipa dola 20, na 5 kati ya hizo ni chakula chake, kwa hiyo gari linapata 15. Gawa 240 kwa 15, utapata 16. Wengi hugawa kwa 20, wanapata 12 na kufurahi, halafu chakula kinawatoka mfukoni. Na mwandaaji asiyelipa asijihesabu.

Anayehesabiwa ni aliyelipa. Yule wa "Yaya, andika jina yangu, ntalipa kesho" bado ni jina tu. Mwenye basi akitaka jibu Alhamisi, la sivyo arubuni yako inabaki kwake, orodha ifungwe Jumatano jioni.

Sasa ni Jumatano na wamelipa 12. Pesa ya gari ni 180, pengo ni dola 60. Ukigawanya pengo, kila mmoja anaongeza 5, anafikisha 25. Inaonekana ndogo. Lakini wawili wakikataa na kurudishiwa pesa zao, 10 waliobaki watatoa 24 za gari na 5 za chakula: 29. Kwa bei hiyo wengine nao watatoka, na safari inakufa kwa nyongeza iliyokusudiwa kuiokoa. Kwa hiyo muulize kila mtu peke yake kwanza, "ikifika 25, bado unakuja?", ndipo utangaze.

Mimi ningeanza na gari lenyewe. Dogo la abiria 14 likipatikana kwa dola 170, zile 180 zinatosha, na katika 10 zinazobaki, 5 zinalipia chakula cha mwandaaji. Ila mwenye gari hilo aulizwe mapema, si Jumatano usiku, na vyungu vya chakula vipimwe: gari dogo likijaa watu halina pa kuweka mizigo.

Kuahirisha kunawezekana pia, mradi asiyeiweza tarehe mpya arudishiwe 20 zake zote. Asiyetokea Jumapili asubuhi ni habari nyingine. Dola 15 za gari hazirudi, maana kiti chake kimeshalipwa. Zile 5 zinarudi ikiwa chakula hakijanunuliwa. Sharti hilo liandikwe kwenye tangazo kabla mtu hajatoa pesa, kwa sababu likitajwa Jumatatu litaonekana limetungwa kwa ajili yake.